Sarafu mbili, sababu moja: kupima karata za kubaki na za kuondoka

*"Dada, nimekaa na mwenzangu miaka sita hapa Dar. Ndoa hatujafunga, mtoto hatuna. Tumenunua kiwanja Kigamboni kwa hela zetu wote, ila jina kwenye karatasi ni lake. Juzi nimetandaza taroti, karata saba, kuuliza kama niachane naye. Katikati imekuja Panga Mbili. Kubaki: faida yake Sarafu Kumi, gharama yake Vikombe Sita. Kuondoka: faida yake Panga Sita, gharama yake Sarafu Tano. Kiti cha 'usichokiona' kimepata Vikombe Nane, na cha shauri kimepata Haki. Nimehesabu tatu nibaki, tatu niondoke. Nifuate zipi?"*

Mdogo wangu, hiyo sare umeitengeneza mwenyewe. Umetazama sura ya kila karata, ukaipeleka upande unaofanana nayo, halafu kiti ilichokalia ukakisahau. Karata hazipigi kura. Kwenye mpangilio wa namna hii kiti ndicho kinachouliza, karata inajibu tu. Ukitaka kujua kama unasoma kiti au unasoma jina, ichukue karata kichwani mwako uihamishie upande wa pili. Kama maana yake imebaki vilevile, ulikuwa unasoma jina.

Tuanze na Vikombe Sita, maana nina hakika umeiweka kwenye "nibaki". Ni karata tamu kweli: ua wa nyumba ya zamani, mvulana anampa msichana kikombe chenye maua meupe. Wengi wanaisoma kama utoto, kumbukumbu, mapenzi ya mwanzo. Lakini kwako imekaa kwenye gharama ya kubaki. Hapo haikwambii kwamba utarudishiwa siku zile. Inakwambia kwamba ukibaki utakuwa unalipia kwa kuishi ndani yake, unampenda yule wa mwaka wa kwanza huku unapika na kufua kwa ajili ya huyu wa mwaka wa sita. Tazama pia kushoto, nyuma ya watoto: kuna mlinzi na mkuki wake, amewapa mgongo, anaondoka. Mimi nilichelewa miaka kumuona huyo mlinzi. Kwa hiyo karata hiyo itoe kwenye safu ya kubaki. Sisemi uihamishie kwenye kuondoka, nasema tu haikutetei kubaki.

Sasa Sarafu, na hapa ndipo penye uzito wote. Kama unacheza karata za kawaida, familia hizi unazijua tayari. Majina yetu tuliyapata kwa Wareno, na kwa Kireno kopa ni vikombe, shupaza ni panga, pau ni magongo, na uru ni dhahabu, yaani hizi Sarafu. Vikombe husomwa kwa mambo ya moyo, Sarafu kwa mali, nyumba na riziki.

Sarafu Kumi imekupa faida ya kubaki: mzee amekaa na mbwa wake wawili, mtu na mkewe chini ya tao, mtoto anachungulia. Vizazi vitatu na nyumba yao. Sarafu Tano imekupa gharama ya kuondoka: mwanamke pekupeku na mwenzake wa magongo wanapita kwenye theluji chini ya dirisha la kanisa lenye taa, na mlango hauonekani. Wewe umezihesabu kama sababu mbili za kubaki. Ziweke uso kwa uso uone. Moja inasema "ukibaki una pa kukaa", nyingine inasema "ukitoka huna pa kukaa". Ni kiwanja kilekile kimesemwa mara mbili. Karata mbili za familia moja zikikaa mkabala, faida huku na gharama kule, ninazipima kama hoja moja.

Lakini hoja moja haimaanishi hoja nyepesi, na hapa nitamtetea anayekwambia ubaki. Kuna watu wanaosoma taroti kana kwamba Sarafu ni aibu, kana kwamba mtu mwenye moyo hapaswi kujali kiwanja. Hao hawajawahi kupanga chumba Mbagala kwa kodi ya miezi sita mkononi. Miaka sita ya kujinyima ni sehemu ya uhusiano, na mpangilio ulioileta mbele mara mbili haukukosea kukuuliza. Kinachonisumbua ni kitu kingine: upande wa kubaki hauna hata kikombe kimoja kinachotazama mbele. Vikombe vyako ni viwili, kimoja kinatazama nyuma, kingine ni mtu anayeondoka. Kama faida ya kubaki ingekuwa Vikombe Mbili, wale wawili wanaotazamana, ningesoma meza hii tofauti kabisa hata kama karata nyingine zote zingebaki palepale.

Upande wa kuondoka nao usiupambe. Panga Sita ni mtumbwi: mpiga kasia nyuma, mwanamke amejifunika, mtoto pembeni yake, na panga sita zimesimama ndani ya chombo. Maji upande mmoja yana mawimbi, upande wa pili yametulia. Hii imekaa kwenye faida, na faida yake ni utulivu tu. Hakuna anayecheka kwenye mtumbwi ule. Panga nazo wamesafiri nazo. Wapo wasomaji wanaosema ukizing'oa maji yataingia, kwa sababu ndizo zilizoziba matundu. Kwa hiyo, ukiondoka utapata usingizi, na maswali utaenda nayo. Anayekusomea hiyo kama uhuru na maisha mapya amekuongezea ya kwake.

Nitoke nje kidogo, kwa sababu najua ulipopata sare ulitamani kuchanga upya. Nimeyafanya hayo. Kuna usiku nilitandaza mara nne kuhusu mtu mmoja, na mara ya nne ukaja Mnara, nikasema naam, hili ndilo jibu. Hesabu inaniumbua. Seti ina karata 78. Chukua sita ambazo wengi husema ni za kuondoka: Mnara, Kifo, Panga Tatu, Panga Sita, Panga Kumi na Vikombe Nane. Ukichomoa saba, uwezekano wa kupata angalau moja kati ya hizo ni kama asilimia 44. Ukitandaza mara nne, unafika karibu asilimia 90. Chagua sita za kubaki na hesabu haibadiliki. Yaani ukirudia vya kutosha utapata unachokitaka, na anayechagua siku ya kuacha kurudia ni wewe. Usishtuke pia na karata kuu, zile zisizo na familia kama Haki na Mnara: ziko 22 kwenye seti, kwa hiyo katika saba wastani ni karibu mbili. Wewe umepata moja, Haki. Wala ile picha ya mtu anayeondoka kwenye Vikombe Nane haina ukongwe tunaoudhania, ni mchoro wa Pamela Colman Smith katika seti iliyotoka London mwaka 1909. Kwenye seti nyingi za kabla yake, Vikombe Nane ilikuwa vikombe nane vimepangwa, basi.

Kwa hiyo mimi sizitumii kutabiri. Nazitumia kumfanya mtu aseme alichokuwa anakizunguka, na kwa kazi hiyo zinatosha.

Turudi kwa Haki. Umeihesabu "niondoke", nadhani kwa sababu ya upanga alioushika mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ana mizani. Karata hii haichagui upande, inataka kila kitu kiwekwe mezani na kipimwe, mikataba na karatasi zikiwemo. Ikiwa kwenye kiti cha shauri, na Sarafu zikiwa zimetawala meza, siioni ikizungumzia jambo jingine zaidi ya jina lililo kwenye karatasi ya kiwanja. Umeichukulia Sarafu Tano kana kwamba ukitoka ni theluji moja kwa moja. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika mazingira ambayo watu waliwajua kama mume na mke, itachukuliwa kwamba wameoana. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na mgawanyo haujileti wenyewe, unakwenda mahakamani na kuonyesha ulichochangia. Lakini mlango ambao mchoraji hakuuchora, kwako unaweza kuwepo. Tafuta miamala ya simu ya siku mliyolipia, jina la shahidi wa mauziano, nakala ya karatasi, kisha muone mwanasheria au ofisi ya msaada wa kisheria. Fanya hivyo hata kama utabaki. Ukishajua una nini, Sarafu zako mbili zitapungua uzito, na hapo ndipo utajua kama kuna kitu kingine kinachokuweka.

Kama kuna kupigwa ambako hukukuandika, funga karata, yote niliyosema hayakuhusu. Nenda kwa ndugu zako leo.

Kama hakuna, zimebaki mbili. Panga Mbili ya katikati ni mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni, panga amezikutanisha kifuani, bahari nyuma yake. Mikono yake haijafungwa. Angeweza kuzishusha akafungua kitambaa. Barua yako nzima haina sehemu inayosema "nilimuuliza akanijibu". Miaka sita, kiwanja, karata saba, na yeye hajasema neno hata moja.

Hapo ndipo Vikombe Nane inanifanya nisite kukuambia uende. Vikombe vile vimesimama vizima, vitano chini, vitatu juu, na safu ya juu ina pengo kama kimoja kinakosekana. Mtu wa joho jekundu anapanda mlimani usiku na fimbo yake, mgongo kwetu. Umedhani ni wewe, na inawezekana. Lakini kiti ni cha usichokiona, na wewe kuondoka kwako unakuona vizuri mno, umekutandazia meza. Karata ikikaa hapo mimi huuliza kwanza kama ni mwenzako aliyekwisha kuanza kutembea. Ikiwa ni yeye, mnaangalia pengo lilelile kila mmoja kwa upande wake, na kikombe kinachokosekana pengine kina jina ambalo mngeweza kulitaja, ndoa, mtoto, au jina la pili kwenye karatasi ya Kigamboni.

Ukinilazimisha, meza yako inaelemea kuondoka, kidogo, na polepole kama mtumbwi ule. Ila muulize kwanza, jioni moja, simu zikiwa mbali, kisha uniandikie alichojibu. Karata usizichange tena mpaka hapo.