Bundi wa Saa Nane Usiku Aliyeimba Alfajiri

Juzi nilionyeshwa ramani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, hapa pwani ya Kenya, iliyojaa vitone vyekundu. Kila kitone, niliambiwa, ni mahali bundi mdogo wa Sokoke amesikika usiku. Vingine vilikuwa katikati ya miti ya mirihi, kwenye mchanga mweupe, ilhali bundi huyu tunamjua kuwa ni wa upande wa miti ya mifunda, penye udongo mwekundu. Nikauliza nani amezisikiliza sauti hizo. Hakuna. Kompyuta imezitambua, na wenye ramani wamechukua zile tu zilizopata alama zaidi ya 0.8 kati ya 1.

Nilirudi nyumbani Gede nikiwa na hasira, na bado ninayo. Bundi huyu, Otus ireneae, ana urefu wa sentimita 17 hivi, na anajulikana kuishi hasa hapa kwetu na kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki, Tanzania. Yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Ramani ikisema anaishi pia kwenye mirihi, mtu wa kupanga matumizi ya msitu ataona bundi ana nafasi tele, na mfunda ukikatwa hatashtuka.

Kazi yenyewe naijua kwa sababu naifanya. Nina kinasa sauti kidogo cha AudioMoth, na kwa kibali nilikifunga kwenye mti wa mfunda, kikarekodi tangu saa 12 jioni hadi saa 12:30 asubuhi. Nikirekodi sampuli 48,000 kwa sekunde, saa moja hula takriban megabaiti 346, kwa hiyo usiku mzima ni gigabaiti 4 na ushei. Hakuna anayeweza kuyasikiliza yote hayo kila siku, na ndiyo maana tunatumia kitambuzi, yaani programu ya kompyuta inayotambua milio ya ndege. Mimi natumia BirdNET. Huikata rekodi vipande vya sekunde 3, kila kipande hukigeuza picha ya sauti, yaani spektrogramu, kisha hukipa jina la ndege na alama kati ya 0 na 1.

Usiku ule kilinipa vipande 63 vya bundi. Nilifurahi mno. Kisha nikafungua faili mojamoja kwenye Audacity, programu ya kusikiliza sauti na kuiona picha yake.

Hapa kuna jambo dogo ambalo limewapotosha wengi. Spektrogramu ikionyesha sauti zote hadi kilohezi 20, bundi huyu huwezi kumwona sawasawa. Sauti yake ni nzito, na picha yake hubanwa chini kabisa kama uchafu ulioganda kwenye ukingo wa kioo. Shusha kikomo cha juu hadi kilohezi 4 na ghafla anatokea: vistari vifupi vilivyolala, vimepangana kwa nafasi sawa, vitano hadi tisa, kisha kimya. Vikisikika ni kama mtu anayepuliza kwenye chupa tupu, tuu, tuu, tuu, bila haraka.

Vipande 33 vilikuwa hivyo hasa. Vitano vilikuwa matone ya maji yaliyodondoka juu ya boksi la kinasa sauti. Hivyo kuvitambua ni rahisi: tone huchora mstari wima, kutoka chini hadi juu ya picha, kwa sababu kishindo hubeba sauti nzito na nyembamba kwa pamoja. Bundi hawezi kuchora mstari wima.

Vilivyobaki 25 ndivyo vilivyonisumbua. Vistari vilikuwa vimelala, vimepangana vizuri, karibu kimo kilekile. Majina ya faili yalionyesha saa 02:40 na kuendelea, kwa hiyo nikajiambia ni saa nane na dakika arubaini usiku, ndege gani mwingine atakuwa macho? Kimoja kilikuwa na alama 0.93, ya juu kuliko zote.

Nilimpelekea mzee mmoja wa hapa anayeongoza wageni msituni tangu mimi sijazaliwa. Akavaa vipokea sauti, akafumba macho.

“Huyu si bundi, mwanangu.”

“Lakini ni usiku, mzee.”

“Usiku gani huu? Sikiliza nyuma yake. Ndege wote wameamka.”

Nikairudia picha, safari hii nikaacha kuangalia vile vistari na kuangalia kilicho juu yake. Kweli, kuanzia kilohezi 2 kwenda juu palikuwa pamechorwa miluzi, mikunjo na vidoa vya ndege wasiopungua sita. Sauti ya namna hiyo haipo saa nane usiku. Ndipo nilipokumbuka: AudioMoth, usipoibadilisha, huandika saa za UTC, yaani saa za kimataifa. Sisi tuko mbele kwa saa 3. Ile 02:40 ilikuwa saa 11:40 alfajiri!

Aliyekuwa akiimba ni Pogoniulus bilineatus, yule ndege mdogo anayegonga kama mhunzi, tonk tonk tonk, juu ya mti asubuhi kutwa. Mlio wake na wa bundi wa Sokoke hufanana hata kwa sikio la mtu mzoefu. Kinachowatenganisha ni mpangilio: huyu hugonga mara chache, hupumzika kidogo tu, hugonga tena, na anaweza kuendelea hivyo kwa dakika kadhaa. Sasa fikiria kitambuzi kinachotazama sekunde 3. Katika sekunde hizo hakioni urefu wa mfululizo wala mapumziko baada yake, yaani hakioni kile ambacho mzee alikitambua kwanza. Hata kikiwa na akili namna gani, kimenyimwa ushahidi. Kwa hiyo mimi sasa nikikagua kipande, nafungua sekunde 15 kabla na 15 baada.

Hesabu ya mwisho ilikuwa bundi 37 kati ya 63, kwa kuwa vinne kati ya vile 25 vya alfajiri vilikuwa bundi kweli. Halafu nikajaribu kanuni ya wenye ramani, nikabakiza vyenye alama zaidi ya 0.8 tu. Vilibaki 20, na 9 kati yake vilikuwa mhunzi wetu. Bundi halisi 26 walitupwa, wengi wao kwa sababu walikuwa mbali na picha zao zilififia. Mmoja alikuwa na alama 0.21, na mzee alimtambua kabla hajamaliza mlio wa tatu.

Alama ile haimaanishi asilimia ya uhakika. Alama ya 0.8 kwa bundi na 0.8 kwa tai havina uzito mmoja, na hata kwa bundi yuleyule maana yake hubadilika ukitoka kwenye mifunda kwenda kwenye mirihi, kwa kuwa majirani wanaofanana naye si walewale. Kila mahali pana haja ya mtu kusikiliza mafungu ya vipande vya alama za juu, za kati na za chini, ahesabu vilivyo sahihi, kisha ndiyo aamue akate wapi.

Niliwaandikia wale wenye ramani nikawaomba kitu kimoja tu, saa za vitone vya kwenye mirihi. Walinijibu vizuri, nawashukuru kwa hilo. Vilikuwa saba. Vyote saba vilikuwa kati ya 02:35 na 03:20, na kinasa sauti chao kilikuwa hakijabadilishwa saa. Nimewaomba sasa faili zenyewe. Zikifika, mzee amesema nisimwambie zimetoka wapi wala zimepata alama ngapi, nimwekee masikioni tu.