Florini ing'oke kwanza? Hoja ya hatua mbili na wapinzani wake

"Florini imeshikana na kaboni kuliko klorini, bromini au iodini. Sasa mbona kwenye pete yenye naitro ndiyo inayoondoka upesi kuliko zote?"

Kwa sababu mwendo wa mmenyuko huu, ambamo mgeni anachukua nafasi ya halojeni kama florini kwenye pete ya benzeni, hauamuliwi na kung'oka, bali na kuingia. Nyukliofili, tuseme amini, huja na jozi yake ya elektroni na kujipachika kwenye kaboni ileile iliyobeba florini. Kwa kitambo kaboni hiyo inakuwa na wageni wawili, pete inapoteza utulivu wake wa kiaromatiki, na chaji hasi inabaki ikizunguka kwenye kaboni tano zilizosalia. Hiyo ndiyo hatua ngumu. Florini huirahisisha kwa kuvuta elektroni na kuiacha kaboni na njaa ya elektroni. Kuondoka kwake kunafuata baadaye, pete ikikimbilia kurudi kwenye utulivu.

Naitro, kundi la nitrojeni moja na oksijeni mbili, inaingia wapi? Chaji ile hasi haisambai sawasawa. Hulundikana kwenye kaboni tatu: mbili zilizo jirani na mahali pa shambulio (otho) na moja iliyo mkabala napo (para). Naitro ikikaa kwenye mojawapo, chaji hupita hadi kwenye oksijeni zake, ambako inabebeka bila taabu. Ikikaa kwenye nafasi ya meta, chaji haifiki, na msaada unabaki kuwa mvuto mdogo wa kupitia bondi tu.

Tofauti yake inaonekana kwenye joto. Klorobenzeni tupu hudai hidroksidi ya sodiamu, shinikizo kubwa na takriban nyuzi 350 za Selsiasi, tena hapo hupitia njia nyingine kabisa. Ukiweka naitro moja kwenye para, nyuzi 160 hivi zinatosha. Zikiwa mbili, otho na para, unachemsha na sodiamu kaboneti tu. Zikiwa tatu, maji ya uvuguvugu yanaimaliza kazi.

Ushahidi unaotajwa sana ni wa Jakob Meisenheimer, 1902. Alichukua pete yenye naitro tatu na kundi la methoksi akaiwekea ethoksidi ya potasiamu, kisha pete ya namna hiyohiyo yenye ethoksi akaiwekea methoksidi. Pande zote mbili alipata chumvi ileile yenye rangi kali, maana kaboni moja imeshika methoksi na ethoksi kwa pamoja. Unaweza kuiona kwa macho. Lakini mimi nadhani ushahidi huu unabebeshwa mzigo kuliko nguvu zake: methoksi na ethoksi zote ni wavivu wa kuondoka, kwa hiyo chumvi ile imekwama. Inathibitisha kwamba kiungo cha kati, yaani ile hali ya kaboni kubeba wageni wawili, kinaweza kuwepo, haithibitishi kwamba kila mmenyuko hukipitia.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya kasi. Joseph Bunnett na wenzake, 1957, waliifanya amini iitwayo piperidini imenyuke, ndani ya methanoli, na benzeni zenye naitro mbili na halojeni moja. Kasi ya iodini ikipewa 1, klorini na bromini zilipata 4.3 kila moja, na florini karibu 3,300. Kama bondi ingekatika katika hatua iliyo polepole, mpangilio ungegeuka.

Na wakati mwingine hugeuka kweli. Tumia amini nyingine, N-methilanilini, ndani ya kiyeyusho cha naitrobenzeni, na florini inakuwa ya mwisho, bromini ikitangulia. Sioni kama hilo linaiua nadharia. Kiyeyusho hicho hakimsaidii florini kuondoka, amini nayo inabaki na protoni ambayo lazima ichukuliwe na besi, hivyo hatua ya pili ndiyo inayogeuka kuwa kizuizi. Ili hatua ya pili ichelewe, sharti iwepo.

Pigo zito zaidi lilikuja 2018, kundi la Eric Jacobsen wa Harvard lilipopima athari za isotopu za kaboni, yaani tofauti ndogo za kasi kati ya kaboni nzito na nyepesi. Pete ya florini yenye naitro mbili ilifuata hatua mbili kama ilivyotarajiwa. Mifano mingine, isiyo na naitro za kutosha au yenye kundi linaloondoka kwa urahisi, ilionekana kupita kwa mkupuo mmoja, anayeingia na anayetoka wakipishana mlangoni, na hesabu zao zikaashiria kwamba huo ndio mtindo wa wengi. Basi kuchora kiungo cha Meisenheimer kwa kila pete yenye halojeni ni kukosea. Kukifuta kwenye pete za naitro ni kukosea zaidi, kwa kuwa naitro ndiyo hasa inayokipa mahali pa kutua.

Mwanabiokemia Frederick Sanger hakungoja mjadala huu uishe. Mnamo 1945 alihitaji kuitia alama asidi amino ya mwanzo ya insulini bila kuivunja protini. Kampaundi ya klorini yenye naitro mbili ingedai joto. Ya florini ilishika amini kwenye joto la chumba, ndani ya alkoholi na maji yenye bikaboneti. Alipoivunja protini kwa asidi, bondi mpya ilistahimili, na zile asidi amino zilizotiwa alama zilijitokeza kwa rangi ya njano: glisini na fenilalanini. Mbili, si moja, hivyo insulini ilikuwa na minyororo ya aina mbili.