Eksirei iliyofifia: kikomo kwanza, vigae baadaye

Picha ya eksirei ya kifua ikitoka imefifia, wengi hukimbilia `equalizeHist` ya OpenCV, inayosawazisha histogramu ya picha nzima, kwa sababu haina cha kurekebisha: unaipa picha, inakurudishia picha. Kwa eksirei, nionavyo, hilo ni kosa, na histogramu yenyewe inaonyesha kwa nini.

Usawazishaji wa picha nzima huhesabu kila kiwango cha kijivu, kuanzia 0 hadi 255, kina pikseli ngapi. Kiwango chenye pikseli nyingi hupewa nafasi kubwa katika picha mpya, na chenye pikseli chache hubanwa. Sasa chukua picha ambayo asilimia 40 ya eneo lake ni weusi ulio nje ya mwili, wote kati ya kiwango 0 na 9. Weusi huo hauna lolote la kumwambia daktari, lakini kwa kuwa ni mwingi unajitwalia takriban viwango 100 kati ya 256. Pembeni mwa mabega panageuka kijivu chenye mchangamchanga, huku mapafu, moyo na uti wa mgongo vikigombania kilichobaki.

Dawa yake ni CLAHE, yaani kuhesabu mahali kwa mahali na kwa kikomo. Picha hugawanywa vigae, na kila kigae hupata histogramu yake na jedwali lake la kubadilisha viwango. Vigae jirani vyenye majedwali tofauti vingeacha mshono unaoonekana, kwa hiyo kila pikseli hupitishwa kwenye majedwali ya vigae vinne ambavyo vitovu vyake viko karibu nayo zaidi, kisha majibu manne huchanganywa kwa kadiri ya umbali. Ukiona miraba kama sakafu ya bafuni kwenye matokeo, mwandishi wa programu ameiruka hatua hii.

Vigae peke yake, hata hivyo, huleta balaa jingine. Tuseme picha ni ya pikseli 1024 kwa 1024, na tumeigawa vigae 8 kwa 8. Kila kigae kina pikseli 16,384. Kimoja kimeangukia weusi mtupu nje ya bega, na pikseli zake zote zimejigawa sawa kati ya kiwango 3 na 7. Usawazishaji utavinyoosha viwango hivyo vitano vijaze nafasi yote, kila kimoja kiwe mbali na mwenzake kwa viwango 51. Tofauti ya kiwango kimoja, ambayo ilikuwa kelele tu ya kipokezi, sasa inaonekana kama kitu.

Kikomo cha kukata ndicho kinachozuia hilo. Wastani wa kigae hiki ni pikseli 64 kwa kila kiwango. Ukiweka kikomo 2.0 katika OpenCV, hakuna kiwango kinachoruhusiwa kuhesabiwa zaidi ya 128. Ni kama kibaba cha tele kufutwa kiwe cha mfuto, ila kinachomwagika hakitupwi: hugawiwa viwango vyote 256. Hapa viwango vitano vinabaki na 640, na 15,744 zinazosalia zinaongeza kama 61 kwa kila kiwango. Kila kimoja cha vile vitano kinafika 189, na umbali kati yao unashuka kutoka 51 hadi karibu 3. Kelele imebaki kelele.

```python
clahe = cv2.createCLAHE(clipLimit=2.0, tileGridSize=(8, 8))
matokeo = clahe.apply(picha)
```

Usiache `clipLimit` bila kuandika namba. Chaguo-msingi la OpenCV ni 40, na katika kigae chetu hilo linaacha umbali wa viwango 40, yaani karibu sawa na kutokuwa na kikomo. Wala usihamishe namba kwenda scikit-image: `clip_limit` ya huko ni sehemu ya pikseli zote za kigae. Kwa viwango 256, 0.01 ya huko ni sawa na 2.56 ya OpenCV, na ukiandika 2.0 huko umeondoa kikomo kabisa.

Ukubwa wa kigae una athari yake pia. Kigae kikiwa kidogo kuliko kitu unachokitazama, kitu hicho hupoteza uzito wake: moyo ulioenea vigae kadhaa husawazishwa ndani kwa ndani, weupe wake unafifia, na kingo zake zinapata ukungu. Kwa kifua, 8 kwa 8 inatosha kuanzia, na ningebadilisha kikomo kabla ya kugusa vigae.

Ukaguzi ni rahisi. Kuza weusi wa nje ya bega mara nne, katika picha ya awali na ile mpya. Mchangamchanga ukiwa umeota, shusha kikomo. Na vipimo vya weupe, kama vile kulinganisha pafu la kushoto na la kulia kwa namba, vifanywe kwenye picha ya awali tu, kwa sababu katika hii mpya 140 ya upande mmoja si 140 ya upande wa pili.