Kisauni hadi Likoni: rilei au moja kwa moja?

"Nimetengeneza gemu ndogo ya mbio za mashua, ya watu wanne. Tukiwa nyumba moja inacheza vizuri, lakini mimi nikiwa Kisauni na mwenzangu Likoni, hapahapa Mombasa, msimbo wa chumba wa herufi tano unakubali, jina lake naliona, kisha inakwama hapo kwenye 'inaunganisha'. Nilipie seva ya rilei ya kupitishia data kati yetu, au nipambane hadi niwaunganishe moja kwa moja?"

Msimbo ukikubali, usidhani njia imefunguka. Zile herufi tano hazibebi anwani ya mtu. Ni kama kile kikuponi cha kuachia mzigo: seva yako inaangalia daftari lake, inaona chumba ni cha nani, inakupa jina. Kila mmoja wenu hapo anaongea na seva, na kutoka nyumbani kwenda kwa seva hakuna anayekuzuia. Kazi ni pale pakiti ya data ya Likoni inapotaka kuingia Kisauni bila kuitwa.

Ruta ya nyumbani ni mlinzi wa geti. Mtu wa ndani akituma pakiti nje, mlinzi anaandika: fulani ametoka kwa poti hii, jibu likija apelekewe. Ambaye hajaandikwa hapiti. Wanaopenda njia ya moja kwa moja hulitumia daftari hilohilo. Seva inamwambia kila mmoja anwani ya mwenzake jinsi inavyoonekana kutoka nje, kisha wote wawili wanarushiana pakiti za UDP kwa pamoja. Kila pakiti inayotoka inamwandikisha mwenzio getini kwako. Ya kwanza huenda ikatupwa, ya pili au ya tatu ikapita. Ikifaulu, hulipi chochote na data haipiti kwa mtu wa tatu.

Mambo huharibika mlinzi anapokuwa na tabia ya kubadilisha poti kwa kila anayetumiwa. Basi ile anwani uliyoambiwa na seva ni ya njia ya kwenda kwa seva tu. Mwenzako akiitumia anagonga ukuta. Kulijua hili hakuhitaji kubahatisha. Tumia soketi moja, uliza seva mbili tofauti za STUN, ambazo kazi yake ni kukutajia anwani yako ya nje, zinakuonaje, kisha linganisha:

```
soketi 1 -> seva A: 203.0.113.7:40112
soketi 1 -> seva B: 203.0.113.7:40113
```

Poti, zile namba za mwisho, zikifanana, una nafasi nzuri. Zikitofautiana kama hapo juu, na mwenzako naye yuko vivyo hivyo, acha kujisumbua. Ruta nyingi za nyumbani hazina tabia hiyo. Utaikuta zaidi kwenye data za simu, na mwenzako wa Likoni akiwa amewasha hotspoti, ningeanza kumshuku hapo.

Kuna geti la pili ambalo wengi hawalijui. Kampuni za intaneti zina anwani chache za IPv4, kwa hiyo huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Fungua ukurasa wa ruta yako, uangalie anwani iliyopewa na kampuni. Ikianzia 100.64 hadi 100.127, uko nyuma ya geti la kampuni, na kufungua poti kwenye ruta yako mwenyewe ni kufungua mlango wa chumbani huku lango la uani limefungwa. Nilipoteza jioni mbili nzima kwa ajili hiyo, nikimfuata mtu wa video aliyeapa kwamba lazima itakubali.

La kuudhi zaidi ni marafiki wawili wa kampuni moja. Mmoja Kisauni, mmoja Majengo, wote wanaonekana nje kwa anwani ileile. Pakiti yako inafika geti la kampuni ikitaka kurudi ndani kupitia geti hilohilo, na si kila kifaa kinakubali mgeuzo huo. Ukaribu wenu haukusaidii kitu. Anwani za nje zikifanana, jaribu kwanza anwani za ndani, maana huenda mko nyumba moja. Zisipojibu ndani ya sekunde moja au mbili, tumia rilei.

Rilei yenyewe haina ujanja wowote: kila mchezaji anaunganishwa nayo kutoka ndani kwenda nje, nayo inapitisha pakiti huku na huku. Hakuna geti la kubembeleza. Kinachowatisha watu ni gharama, kwa hiyo tupige hesabu. Chumba cha watu wanne, mmoja mwenyeji. Yeye anawatumia wageni watatu pakiti 20 kwa sekunde kila mmoja, nao wanamrudishia 20 kila mmoja. Jumla ni pakiti 120 kwa sekunde. Tuseme kila moja ni baiti 100 pamoja na vichwa vyake: kilobaiti 12 kwa sekunde, yaani megabaiti 43 hivi kwa saa zinazotoka kwenye rilei. Seva ya kukodi yenye kikomo cha terabaiti moja kwa mwezi ingebeba zaidi ya saa 20,000 za chumba kimoja. Gemu yako haina watu hao. Ukiongeza sauti za wachezaji hesabu inabadilika, lakini hukusema una sauti.

Kwa hiyo bei si hoja. Hoja ni rilei iko wapi. Ukikodi ya bei rahisi kule Frankfurt, pakiti ya Kisauni inapanda Bahari ya Shamu hadi Ulaya ndipo ishuke Likoni, ng'ambo tu ya kivuko. Kutoka hapa kwenda Ulaya na kurudi, milisekunde 150 ni kawaida, na huo ndio muda wa ujumbe kufika kwa mwenzako tu. Jibu lake linachukua mwingine kama huo. Karata zitavumilia. Mbio za mashua, mtu ataona amegongwa baada ya kupita.

Rilei ikiwa Nairobi, mambo ni mengine kabisa. Kama kampuni zenu mbili hazibadilishani data hapa Mombasa, hata ile njia mnayoiita ya moja kwa moja inapanda Nairobi na kushuka. Ni kilomita 480 hivi kila upande, na mwanga ndani ya faiba huenda takriban kilomita 200 kwa milisekunde. Hakuna namna ya ujumbe kwenda na jibu kurudi chini ya milisekunde 10 hivi. Rilei iliyokaa njiani hapo haiwaongezei karibu kitu. Kwa hiyo wanaosema moja kwa moja daima ni haraka, kwa mji wetu naona wanasema mapema mno.

Wana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza, nayo ni siku utakapochoka kulipa. Rilei ikizimwa, gemu ya moja kwa moja inahitaji tu kijiseva cha misimbo, ya rilei inakufa. Weka basi nafasi kwenye mipangilio ya mchezaji kuandika anwani ya rilei yake. Upande wa pili, njia ya moja kwa moja humwonyesha kila aliye chumbani anwani ya nyumbani kwako, na msimbo wa herufi tano unaweza kusambaa kwenye kundi la WhatsApp kabla hujamaliza chai.

Ningekuwa wewe, ningewaanzisha wote kwenye rilei ya Nairobi papo hapo ili mchezo uanze, halafu kimyakimya nijaribu moja kwa moja kwa sekunde tano. Ikipatikana, pima, hamia tu kama imeipita rilei kwa milisekunde 15 au zaidi, na waliojuana pekee. Ukishahamia, tuma pakiti tupu kila sekunde 15 mashua zikiwa zimesimama, kwa sababu walinzi wengine hufuta daftari baada ya nusu dakika. Na kwenye kona ya skrini andika njia inayotumika na muda wake, ili mwenzako wa Likoni akikupigia simu kulalamika, swali lako la kwanza liwe anasoma nini pale.