Mzio unapotajwa oda ikiwa katikati: roboti iamue au imwite mtu?

Mteja anaiandikia roboti ya oda ya mgahawa mdogo: "Kuku na wali, sahani mbili." Kisha: "Hapana, ya pili iwe samaki." Halafu: "Hiyo ya samaki ni ya mtoto, ana mzio wa karanga." Roboti inaandika mzio kwenye mstari wa samaki. Punde mteja anageuka tena: "Samaki acha, mpe tambi na mchuzi." Mstari wa samaki unafutwa, na mzio unafutika nao.

Roboti ilielewa kila sentensi. Ilikosea mahali pa kuhifadhi. Mzio ni wa mlaji, si wa sahani, kwa hiyo ubaki kwenye oda hata sahani zibadilike mara kumi, na kila badiliko lifanye vyakula vyote vya mlaji huyo vikaguliwe upya. "Sipendi kitunguu" ni jambo jingine. Hilo linaweza kuondoka na sahani yake. Ndiyo maana mteja akisema "bila kitunguu" tu, roboti iulize kama hakipendi au kinamdhuru. Kwa mpishi, jibu la kwanza ni kutokitia, la pili ni kuosha ubao na kisu kwanza.

Wapo wanaosema likitajwa neno mzio, roboti inyamaze na mtu achukue oda. Wana hoja nzito. Roboti inajua orodha ya viambato iliyoandikwa na mtu. Haijui kwamba leo mpishi amenunua mchuzi wa aina nyingine, wala kwamba viazi vimekaangwa kwenye mafuta yaleyale ya chakula chenye karanga.

Lakini mgahawa mdogo una watu wangapi? Saa ya msongamano, anayeitwa ndiye huyohuyo anayebeba sahani na kupokea pesa. Mteja akisubiri sana, ataanza oda upya bila kutaja mzio ili mambo yaende. Hatari hiyo watetezi wa "mwite mtu" huisahau. Tena binadamu naye hupitiwa: Umoja wa Ulaya umeorodhesha vyakula 14 vya mzio ambavyo lazima vitajwe, ufuta ukiwemo, na sidhani mhudumu mwenye haraka huukumbuka ufuta uliomo kwenye mchuzi.

Mimi ningeipa roboti mamlaka ya kukataa, nisiipe ya kuruhusu. Orodha ikionyesha karanga kwenye mchuzi wa tambi, iseme hapohapo na itaje mbadala. Isipoonyesha, isiandike "ni salama". Iandike: "Orodha yetu haionyeshi karanga kwenye tambi. Jikoni watathibitisha kabla ya kupika." Oda ya kuku iendelee kupikwa, ile ya mtoto isubiri mpishi abonyeze kuthibitisha, na karatasi ya jikoni ianze na mstari huu, juu ya vyakula vyote: MZIO WA KARANGA, MTOTO, TAMBI.