Pikipiki yako, Mwanza: upakie abiria au sato?

"Nina pikipiki yangu mwenyewe, haina deni. Nahitaji hela ya kila siku nyumbani. Nikapige bodaboda, au nichukue samaki mwaloni nikauze mitaani?"

Kaka, kwanza umeshaokoka na hesabu ya bosi. Vijana wengi hapa mjini huamka wakiwa na deni la siku, na kila abiria wa asubuhi ni wa tajiri mwenye chombo. Wewe wa kwanza ni wako.

Ubora wa bodaboda ni kwamba huhitaji mtaji zaidi ya mafuta, na hela inaingia palepale. Siku mbaya unarudi na kidogo, lakini ni nadra kurudi na hasara. Tatizo lake halionekani jioni ile. Vilima vya Mabatini na Bugando vinakula cheni, breki na tairi la nyuma, kwa hiyo sehemu ya ile hela mfukoni ni ya pikipiki, bado haijadai tu. Usipoiweka pembeni kila siku, ukiikosa siku tairi limeisha, utakopa. Halafu kuna kibali cha LATRA, bima ya biashara (bima ya matumizi binafsi haimlindi abiria anayekulipa), na kijiwe chenye wenyewe. Mgeni hukaa kijiweni siku nyingi kabla mtu hajamzoea.

Samaki wana faida kubwa kwa kila kilomita, ndiyo maana wanavutia. Ila hapa nataka twende polepole, maana nimeona wengi wakimaliza mtaji ndani ya wiki mbili huku wanauza kila siku.

Tuchukue mfano, bei utazirekebisha kwa za siku hiyo. Unafika Igombe alfajiri, unanunua kilo 12 za sato kwa 8,000, jumla 96,000. Barafu 2,000, mafuta 4,000. Umeshatoa 102,000. Unapanda Buswelu kuuza kwa 10,000 kilo. Wakiisha wote, unabaki na 18,000, na saa nne asubuhi umemaliza kazi. Hapo bodaboda haikufikii.

Sasa siku ya kawaida. Kilo tisa zimelipwa taslimu, 90,000. Mama mmoja amechukua kilo moja, "nitakulipa jioni, mwanangu." Kilo mbili zimekukuta na jua la saa saba, umezitoa kwa 6,000 kilo. Mkononi una 102,000 kamili. Umezunguka tangu alfajiri, umeuza samaki wote, na hela ya kula leo iko kwa yule mama. Kilo tatu tu kati ya kumi na mbili ndizo zimekula siku nzima.

Kwa hiyo swali la samaki ni zile kilo tatu za mwisho. Wanaodumu hununua kwa oda: jioni wanapigia wateja simu, "mama, kesho nikuletee ngapi?", na asubuhi wanachukua hizo na kilo moja au mbili za kubahatisha. Wanabeba deli lenye barafu iliyopondwa chini na juu ya samaki, na matumbo yametolewa mapema, maana uozo huanzia humo. Kinachobaki mchana kinakaangwa nyumbani na kuuzwa jioni, hakitupwi kwa bei ya hasara.

Ukinunua, usiangalie ukubwa tu. Mitumbwi mingine inatoka visiwani na samaki wa siku mbili. Fungua shavu: liwe jekundu, lisiwe na ute wa kahawia. Bonyeza ubavuni, shimo la kidole likibaki, muache. Na sato wa chini ya sentimita 25 usimguse hata akiwa wa bei ya kutupa, maana ni kinyume cha sheria, na maofisa wa uvuvi wakikusimamisha njiani mzigo wote umekwenda.

Ningekuwa wewe ningeanza na kilo tano za oda, nimalize kabla ya saa nne, kisha nipakie abiria hadi jioni, nikishakamilisha vibali. Deli lifungwe vizuri na lishushwe nyumbani. Abiria hapandi pikipiki inayonuka shombo, na siwalaumu.

Kwa mwenye baiskeli peke yake, sato wa Igombe ni mbali na jua litamuwahi. Huyo aende Kirumba Mwaloni akachukue dagaa wakavu, awapime kwa sado huko Nyakato au Kisesa. Wasipoisha leo, watauzika kesho. Ajue tu kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika, basi bei hupanda. Mwenye akiba kidogo hununua kabla mwezi haujakua. Achukue mmoja gunia likiwa wazi, amvunje. Akipinda bila kukatika hajakauka, na gunia hilo litaota ukungu kabla hajalimaliza. Kisha asugue konzi moja viganjani: mchanga ukibaki mkononi, kwenye mzani atakuwa analipia ufukwe.