Kraki na sinema ya bure hazipimwi kwa mizani moja

Mtetezi wa kraki, yaani kiprogramu kinachovunja kinga ya leseni ili programu ya kulipia itumike bure, huanza na bei, na hapo simbishii. Mwanafunzi wa usanifu majengo anayeishi kwa mkopo wa chuo hana namna ya kulipia leseni ya dola mamia kwa mwaka. Hoja yake ya pili ina uzito zaidi: antivirusi hulalamikia karibu kila kraki, hata isiyo na kirusi. Ni kweli. Kifaa cha kuamilisha Windows bila leseni, Microsoft Defender hukiita `HackTool:Win32/AutoKMS` kwa sababu ya kazi kinayoifanya, hata kama ndani hakuna kingine kilichofichwa.

Lakini hoja hiyo ndiyo inayomponza. Kraki hubadilisha mafaili ya programu nyingine, kwa hiyo huomba ruhusa ya msimamizi wa kompyuta, na maelezo yake hukutaka uzime antivirusi kwanza. Programu hasidi nayo inahitaji hayo hayo mawili. Mtumiaji akishazoea kwamba onyo jekundu halina maana, hana tena cha kutofautishia kraki safi na yenye sumu.

STOP/Djvu, programu hasidi inayofunga mafaili yako na kudai malipo, imeishi kwa mazoea hayo tangu karibu 2018. Husambaa hasa kupitia kraki na vifaa vya kutengenezea namba za leseni. Ukishafungua faili, unaona kama hakuna kilichotokea, au linatokea dirisha linalodai Windows inajisasisha. Kumbe picha, tasnifu na michoro yako inafungwa kwa msimbo. Kila folda inaachiwa faili liitwalo `_readme.txt` linalodai dola 980, au 490 ukiwahi ndani ya saa 72. Mara nyingi huja na mwenzake anayeiba manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari, na huyo hana haja ya kukuandikia barua.

Kupona kunategemea bahati. Kirusi kikifanikiwa kuwasiliana na seva yake, hupewa ufunguo wa kompyuta yako peke yake. Kikishindwa, hutumia ufunguo uliomo ndani yake, ambao waathirika wote wa toleo hilo wanashirikiana. Tangu 2019 kampuni ya Emsisoft inatoa bure kifaa cha kufungulia mafaili, lakini kwa matoleo mapya husaidia pale tu ufunguo huo wa pamoja ulipotumika na umeshapatikana. Angalia kitambulisho kilichoandikwa mwishoni mwa `_readme.txt`: kikiishia na `t1`, kwa kawaida ni ule wa pamoja, basi usifute mafaili.

Sinema ni habari nyingine. Ukiacha suala la haki za msanii, faili la video ni data tu. Kichezeo hulisoma, halipewi amri ya kuendesha kompyuta. Kichezeo chenyewe kinaweza kuwa na kasoro inayotumiwa vibaya, lakini hilo ni nadra kwa aliyekisasisha. Hatari kubwa iko kwenye kifungashio. Windows huficha herufi za mwisho za jina la faili, hivyo `sinema.mp4.exe` huonekana `sinema.mp4`, tena ikiwa imevalishwa alama ya video. Kwenye Windows 11 fungua File Explorer, bonyeza View, kisha Show, weka tiki kwenye File name extensions. Ukiona `.exe` au `.scr`, hiyo si sinema. Na ukiambiwa usakinishe kichezeo maalumu ndipo picha itokee, achana nayo, kwani kichezeo cha VLC hucheza karibu kila aina.

Chanzo cha programu nakipima kwa namna kinavyokwepa kukaguliwa. Faili lililobanwa likifungwa kwa nenosiri, na nenosiri lenyewe limeandikwa pembeni waziwazi, halimzuii mtu yeyote isipokuwa kikagua virusi. Angalia ukubwa pia. Faili la MB 8 likifunguka likawa MB 700, limejazwa sifuri tupu. Visakinishi halali huwa vimeshabanwa, havisinyai hivyo. Lile la hasidi hujazwa makusudi, kwa sababu VirusTotal, tovuti inayokagua faili kwa antivirusi nyingi, haipokei faili linalozidi MB 650.

Sisemi tovuti rasmi haijawahi kuumiza mtu. Mwaka 2017 toleo la 5.33 la CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta, lilitoka kwa mtengenezaji mwenyewe, likiwa na sahihi yake ya kidijitali, huku ndani lina mlango wa siri, na liliingia kwenye kompyuta zipatazo milioni 2.27. Hata hivyo Septemba ya mwaka huo kampuni ilitangaza hadharani, ikataja namba ya toleo na kutoa lililosafishwa. Aliyekuwa nalo alijua afanye nini. Aliyechukua kraki wiki hiyo hakuwa na wa kumtangazia.

Kuhusu bei, yule mwanafunzi wa usanifu angeanza kwa kuuliza: kampuni ya Autodesk huwapa wanafunzi waliothibitishwa programu yake ya uchoraji, AutoCAD, bila malipo.